Majina ya Ajabu Kwenye Ruta: Dhana Potofu na Ukweli

Mama mmoja wa Nyegezi, anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, aliona bando la nyumbani linaisha kabla ya wakati. Kijana wake akafungua ukurasa wa ruta yao, 192.168.8.1, na mistari minne ikawatia hofu:

```
ESP_5D20C4       5C:CF:7F:5D:20:C4
DESKTOP-7K2QF1M  3C:58:C2:71:0E:46
Unknown          7E:4C:12:90:AB:05
Unknown          B2:18:6F:33:0D:9A
```

"Mwanangu, huyu ESP ni nani?" akaniuliza. Alishaanza kumshuku mpangaji wa chumba cha uani.

Dhana: Jina usilolijua ni la mtu usiyemjua.

Ukweli: jina hilo hutumwa na kifaa chenyewe kinapoomba anwani ya IP kwa ruta, na mara nyingi ni lile kilichotoka nalo kiwandani. Windows huipa kompyuta jina la DESKTOP na herufi za kubahatisha hata kama ni laptopu ya kubeba begani. Ile ilikuwa ya binti yake anayesoma SAUT. Unknown maana yake ni kwamba kifaa hakikutaja jina, basi.

ESP ndiyo iliyowasumbua zaidi. Safu ya kulia ni anwani ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao, na kwa kawaida jozi zake tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji wa chipu ya mtandao. 5C:CF:7F ni ya Espressif, kampuni ya China ambayo chipu zake zimo kwenye taa, soketi na swichi nyingi za kuwashwa kwa simu. Tazama pia kwamba 5D20C4 kwenye jina ni jozi tatu za mwisho za anwani ileile. Nikamwambia kijana azime taa ya barazani ukutani kabisa, si kwa simu. Baada ya dakika chache akafungua ukurasa upya, na ESP haikuwepo. Kumbe ni taa aliyoinunua mwenyewe! Usitafute jina la dukani kwenye orodha hii, maana chapa ya kwenye boksi na mtengenezaji wa chipu mara nyingi ni watu wawili tofauti.

Dhana: Kila simu ina anwani moja ya MAC isiyobadilika.

Ukweli: zamani ilikuwa hivyo. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu nyingi huunda anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao ili zisifuatiliwe kirahisi. Utaitambua kwa herufi ya pili ya anwani: ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani haikutoka kiwandani. Angalia Unknown zetu: 7E na B2, zote za kubahatisha. Hapo kutafuta mtengenezaji ni kupoteza muda. Na kama ruta yako inatangaza majina mawili, la 2.4 GHz na la 5 GHz, simu moja inaweza kuonekana kwa anwani mbili.

Anwani ya kubahatisha haikuambii kama simu ni yako au ya jirani. Jibu liko kwenye simu zenyewe. Ingia mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao wenu, usome anwani inayotumika hapo, kisha ulinganishe. 7E ilipatikana kwenye simu ya binti. B2 haikuwa kwenye simu yoyote ya familia, na walipozima Wi-Fi kwenye simu zote, yenyewe ikabaki hewani.

Dhana: Kilichomo kwenye orodha kinatumia bando sasa hivi.

Ukweli: ruta nyingi zina orodha mbili. Ile ya DHCP, yaani ya anwani za IP ambazo ruta imegawa, hukumbuka waliopewa hadi muda wao uishe, mara nyingi saa 24, hata kama mgeni ameshapanda basi la Musoma. Kwa jaribio la kuzima na kuwasha, tumia orodha ya walio hewani.

Dhana: Ukimfungia mgeni kwa MAC, umemaliza.

Ukweli: akizima anwani ya kubahatisha kwenye simu yake, anarudi na ile ya kiwandani, na ruta inamwona mtu mpya. Dawa ni kubadili nenosiri la Wi-Fi, kuchagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na kuzima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN. Badilisha na nenosiri la ukurasa wenyewe wa ruta, hasa kama bado ni lile lililobandikwa chini yake.

Nenosiri lilipobadilishwa, B2 ikatoweka, na taa ya barazani nayo ikagoma mpaka ilipounganishwa upya. Siku ya pili mtoto wa jirani, si yule mpangaji, akaja kumuuliza kijana mbona Wi-Fi haishiki. Nenosiri la zamani alipewa na mdogo wa kijana wetu.