Lengo la hatua za kila siku: anza na namba za simu yako mwenyewe

Wengi wanaokuja kliniki yetu ya presha na kisukari hapa Mbeya wameshasikia kwamba mtu anatakiwa atembee hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikutoka kwa madaktari. Ilianza Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa madukani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee, ulionyesha kwamba waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba baada ya hatua 7,500 hivi tofauti haikuongezeka tena. Kwa hiyo anayetembea kidogo ndiye mwenye faida kubwa ya kuvuna, na lengo lake linapaswa kutoka kwenye maisha yake mwenyewe.

Chukua mfano wa mama anayeuza vitenge Mwanjelwa. Wiki ya kwanza hatumwambii abadilishe chochote, abebe simu tu. Mwisho wa wiki tunafungua kumbukumbu za afya kwenye simu na kukuta 3,100, 2,800, 3,400, 900, 3,000, 7,200 na 2,600. Ukigawa jumla kwa siku saba unapata karibu 3,300, lakini wastani huo umevutwa juu na Jumamosi aliyokwenda msibani, na kushushwa na Alhamisi ambayo simu ilikaa kwenye chaji. Mimi huzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, yaani 3,000. Hiyo ndiyo siku yake ya kawaida.

Lengo la wiki inayofuata linakuwa 3,500. Hatua 500 ni kama dakika tano za mwendo wa kuchangamka, kwa sababu mwendo huo ni takribani hatua 100 kwa dakika. Akishuka daladala kituo kimoja kabla ya soko, kazi imeisha. Akifikia lengo siku tano kati ya saba, tunaongeza 500 nyingine. Asipofikia, lengo linabaki palepale wiki nyingine, na likishindikana tena tunalishusha kidogo. Kuanzia Novemba mvua zikishika, wengi hubaki kwenye lengo lilelile wiki kadhaa, na hatuna ugomvi na hilo. Goti au kisigino kikianza kuuma asubuhi, hatuongezi hata kama namba zimefikiwa.

Muhtasari wa siku uangaliwe saa 11 jioni, si saa 4 usiku. Saa 11 bado kuna mwanga, na aliyebakiza hatua 600 anaweza kwenda dukani kwa miguu. Usiku hana la kufanya zaidi ya kusikitika, au atoke gizani kwenye barabara yenye bodaboda, jambo nisilolishauri.

Katika muhtasari huo usiishie kwenye jumla. Fungua grafu ya saa kwa saa. Ukiona saa tatu za sifuri tupu, jiulize simu ilikuwa wapi. Mtu aliyeketi dukani bado huinuka, humfuata mteja, huenda msalani, kwa hiyo kunakuwa na vihatua vidogovidogo. Sifuri tupu mara nyingi maana yake simu ilikuwa mezani au mtoto alikuwa anaichezea. Siku ya namna hiyo iandike pembeni na usiihesabu kwenye wiki.

Kama namba ni ndogo kila siku ilhali unajua umetembea, jipime. Weka simu mfukoni, tembea ukihesabu hatua 100 kwa sauti, subiri dakika chache, kisha tazama imeongeza ngapi. Ikipishana kwa chache si tatizo. Ikiwa haikuongeza kabisa, kwenye simu za Android angalia kama programu imepewa ruhusa ya "Physical activity", na kama mpangilio wa kubana chaji haujaizima. Anayetembea polepole sana kwa kuburuta miguu, kama wazee wengi, simu humhesabia pungufu. Kwake dakika za kutembea ni kipimo bora kuliko hatua.

Milima yetu pia simu haiioni vizuri. Hatua 1,000 za kupanda kuelekea Loleza na hatua 1,000 za tambarare zinaandikwa sawa, ingawa moyo unajua tofauti. Kwenye mpando sikiliza pumzi: uweze kuongea, lakini usiweze kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Kifua kikibana, simama na uje kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi abebe kitu cha sukari, na jioni akishasoma muhtasari avue viatu akague nyayo, hata kati ya vidole. Akikuta lengelenge, lengo la wiki hiyo linasimama mpaka pakauke.