Mega ngapi? Biti, baiti na rekodi ya saa moja

"Saa moja ya 4K inakula GB ngapi?" Anayeuliza hivi huwa anataka namba moja, na atapewa tatu: mmoja atamwambia 10, mwingine 45, wa tatu 220. Wote watatu wako sahihi. Swali ndilo limepungukiwa, kwa sababu 4K inataja wingi wa nukta katika picha, 3840 kwa 2160, wala haisemi nukta hizo zimebanwa kiasi gani faili lilipoandikwa.

Kinachosema hivyo ni bitireti, yaani idadi ya biti zinazoandikwa kwa kila sekunde moja ya video. Zidisha bitireti kwa muda, unapata ukubwa wa faili. Hiyo ndiyo maana yake yote.

Tazama zile namba tatu. iPhone ikirekodi 4K kwa fremu 30 kwa sekunde katika mfumo wake wa kubana zaidi, ukurasa wa mipangilio ya kamera wenyewe unaandika kwamba dakika moja ni kama MB 170, ambayo kwa saa ni GB 10 na kidogo. Kamera ya Sony inayorekodi 4K katika mfumo wake wa XAVC S kwa 100 Mb/s inajaza GB 45 kwa saa. Picha hiyohiyo ikigeuzwa kuwa ProRes 422, mfumo wa Apple wa video za kuhariri, kwa fremu 25, bitireti inafika 492 Mb/s, na saa moja ni GB 221. Nukta ni zilezile katika faili zote tatu. Na ProRes 422 HQ ya picha ndogo zaidi, 1920 kwa 1080, inachukua GB 83 kwa saa, mara nane ya ile 4K ya simu. Kwa hiyo anayekadiria diski kwa kutazama 4K peke yake anabahatisha.

Mpaka hapa wengi hufuata vizuri. Hesabu huharibika kwenye herufi moja: b.

Mb ni megabiti. MB ni megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo anayezichanganya hakosei kidogo, anakosea mara nane. Kamera na kodeki, yaani mifumo ya kubana video, hutaja kasi kwa megabiti. Diski na kadi hutaja nafasi kwa gigabaiti, na kasi kwa megabaiti. Kampuni za intaneti zinauza kwa megabiti, halafu kivinjari kinaonyesha upakuaji kwa megabaiti. Mhariri wa video anavuka mpaka huo mara kadhaa kwa siku, na kwenye maongezi megabiti na megabaiti zote huitwa "mega".

Jambo la kusikitisha ni kwamba neno baiti liliundwa kwa makusudi ili mkanganyiko huu usitokee. Biti ilikuja kwanza. John Tukey, mwanahisabati wa maabara za Bell, alifupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya tarakimu ya mfumo wa namba mbili, sifuri na moja. Mwaka 1948 Claude Shannon alilichapisha neno hilo katika makala yake ya nadharia ya mawasiliano, akamtaja Tukey kuwa ndiye aliyelipendekeza. Kwa bahati nzuri, neno lililopatikana pia lina maana ya kipande kidogo.

Baiti ilifuata mwaka 1956. Werner Buchholz, mhandisi wa IBM aliyekuwa kwenye mradi wa kompyuta iliyoitwa Stretch, alihitaji jina la fungu la biti zinazoshughulikiwa kwa pamoja. Akachukua bite, neno la Kiingereza la kung'ata: biti ni punje, na hili ni tonge. Lakini aliona hatari mapema. Neno hilo la kung'ata linaachana na biti kwa herufi moja tu ya mwisho, na mwandishi akiisahau herufi hiyo, tonge linageuka punje. Ndiyo maana akaibadilisha herufi ya katikati, i ikawa y, likawa byte, ili maneno hayo mawili yasifanane hata kwa macho. Wakati huo tonge halikuwa na kipimo maalumu. Kompyuta za IBM System/360 za mwaka 1964 ndizo zilizolizoesha kuwa biti nane.

Kisha vifupisho vikaja vikarudisha kila kitu palepale, b ndogo na B kubwa. Wanaotumia Kifaransa waliuepuka mkanganyiko huo. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura huona Mo na Go kwenye kompyuta yake, kwa sababu baiti kwao ni okteti, na o haiwezi kudhaniwa kuwa b. Sisi tuliochukua vifupisho vya Kiingereza tuna irabu tu ya kuyatenganisha maneno hayo, bi na bai, na hata hiyo tunaimeza.

Basi tuhesabu taratibu mara moja. Kamera ya 100 Mb/s: gawa kwa 8, unapata MB 12.5 kila sekunde. Saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni MB 45,000, yaani GB 45. Ukizikusanya hatua hizo zote unabaki na kizidishi kimoja cha kukariri, 0.45. Megabiti kwa sekunde mara 0.45 ni gigabaiti kwa saa. Kwa 50 Mb/s ni GB 22.5, kwa 28 Mb/s ni GB 12.6. Kama hujui bitireti ya faili ulilopewa, usikisie. Programu ya `ffprobe` inaisoma:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration,bit_rate -of default=nw=1 C0001.MP4
```

Jibu la `bit_rate` linakuja kwa biti kamili. Likisoma 100000000, hizo ni 100 Mb/s.

Sasa chukua onyesho la taarabu la saa moja lenye kamera tatu: moja pana nyuma ya ukumbi, moja kwa mwimbaji, moja kwa wapiga fidla na kanuni. Zote zinarekodi 4K kwa 100 Mb/s, fremu 25. Picha ghafi ni GB 135. Sauti ya stereo kutoka kwenye mikisa, 48 kHz na biti 24, ni kama GB 1, haistahili kuhangaikiwa. Ukitengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za ProRes Proxy za 1920 kwa 1080, kila moja ni 38 Mb/s, GB 17, na zote tatu ni GB 51. Faili kuu la mwisho katika ProRes 422 ya 1080 ni GB 55, na nakala ya kupakia mtandaoni kwa 12 Mb/s ni GB 5.4. Jumla ni kama GB 247 kwenye diski ya kazi. Acha robo nyingine kwa faili za muda ambazo programu ya kuhariri huandika yenyewe, kwa hiyo tenga kama GB 310. Nakala ya pili ya picha ghafi na sauti, GB 136, ikae kwenye diski nyingine kabisa, nayo iwepo kabla kadi hazijafutwa.

Ukiamua kuacha proksi na kugeuza kamera zote kuwa ProRes 422 ya 4K, zile GB 51 zinakuwa 663, na jumla inapita GB 850. Zinaingia kwenye diski ya terabaiti moja, lakini kwa shida. Usishtuke Windows ikiionyesha diski hiyo kuwa na GB 931: haijaibiwa kitu. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024.

Nafasi ni nusu ya makadirio. Nusu ya pili ni kasi, na ndipo kosa la herufi linapouma. Unapohariri kamera tatu kwa pamoja ukizitazama zote, diski inasoma mafaili matatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo bitireti zinajumlishwa. Picha ghafi ni 300 Mb/s, yaani MB 37.5 kwa sekunde. Proksi ni 114 Mb/s, MB 14 na ushee. ProRes 422 ya 4K ni 1,476 Mb/s, MB 184.5 kwa sekunde. Diski ndogo ya nje ya kuzunguka kwa kawaida husoma MB 100 hadi 130 kwa sekunde ikiwa tupu, kasi hushuka kadiri inavyojaa, na kichwa chake kikirukaruka kati ya mafaili matatu hupungua tena. Anayehitaji MB 184.5 kwa sekunde hawezi kuitegemea diski hiyo. SSD ya SATA, inayosoma kama MB 500 kwa sekunde, inabeba bila tabu.

Hapa pana mtego. Picha ghafi zinahitaji MB 37.5 tu, diski ileile ya kuzunguka inatosha, na bado laptopu inaganda. Wengi hukimbilia kununua diski. Lakini faili la kamera ni dogo kwa sababu fremu nyingi ndani yake hazikuandikwa nzima. Zimeandikwa tofauti zake tu na fremu za jirani, na kila unaposogeza kishale programu inalazimika kuzijenga upya. Hiyo ni kazi ya prosesa na kadi ya picha. ProRes huandika kila fremu nzima, ndiyo maana ni kubwa na nyepesi kucheza. Kutambua ni rahisi: fungua Task Manager wakati video inakwama. Diski ikiwa imetulia na prosesa iko karibu na 100%, tatizo ni kodeki, na dawa ni proksi. Diski ikiwa ndiyo iliyo kwenye 100%, hapo ndipo diski mpya ina maana.

Na mwisho, ile nakala ya GB 5.4 ya kupakia. Mwenye intaneti ya "mega 20" ya kupandisha huigawa MB 5,400 kwa 20 na kumwahidi mteja dakika nne na nusu. Kwa megabiti 20 ni dakika 36, hata mtandao usipoyumba. Aliyesema "mega 20" hakusema uongo, ameliacha neno nusu. Mwulize tu kwa upole: megabiti au megabaiti?