Mapaja yanauma siku ya tatu: niendelee au nipumzike?

Nina miaka 44, nauza vitambaa na kutwa nimekaa. Jumatatu nilifuata picha za mazoezi nilizotumiwa kwenye simu: kuchuchumaa mara 50, pushapu 20. Leo Jumatano hata kukaa chooni ni kazi. Niendelee ili mwili uzoee, au nimeshajiumiza?

Leo pumzika, na kesho pia kama hali ni hiyohiyo. Tembea taratibu, fanya kazi zako za nyumbani, ila mapaja yasibebeshwe mzigo mwingine. Misuli isiyozoea kazi huanza kuuma saa kadhaa baada ya mazoezi, huuma zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Utasikia watu wakisema ni asidi imeganda kwenye misuli. Sivyo, asidi hiyo huondoka muda mfupi tu baada ya kumaliza. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizopata michubuko midogo, hasa pale ulipokuwa unashuka huku mapaja yakizuia usidondoke. Ndiyo maana kushuka ngazi kunakutesa kuliko kupanda.

Maumivu ya namna hii hukaa kwenye nyama za paja, na kwa kawaida pande zote mbili. Yakiwa upande mmoja, yakachoma sehemu moja, au goti likavimba, hayo ni mengine, nenda ukapimwe. Na uangalie mkojo wako. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu misuli iliyoharibika sana humwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuumiza figo. Hutokea mara chache, lakini hutokea hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi halafu akajikamua siku moja.

Sasa nianze na mangapi? Sina vifaa vyovyote.

Una kiti. Kisukume mpaka kiegemee ukuta, maana kiti cha plastiki kwenye marumaru huteleza ukiwa katikati ya kukaa. Vua soksi. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu iachane kiasi cha upana wa nyonga, visigino chini. Inama mbele kidogo, kama mtu anayetaka kuokota kitu, kisha simama huku ukitoa pumzi. Kurudi ndiyo penye kazi: shuka polepole, hesabu moja hadi tatu, usijitupe. Magoti yakielekea kukutana, yapeleke upande vidole vya miguu vinakotazama. Kiti kikiwa kifupi, weka mto juu yake.

Fanya mara 8, pumzika dakika mbili, fanya 8 tena. Badala ya pushapu za sakafuni, simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko usogee, kisha jisukume nyuma. Nazo 8, mara mbili. Basi, umemaliza. Ukisimama ukiwa na nguvu ya kuongeza mbili au tatu, umepima vizuri.

Maumivu yakiisha, tuseme Jumatatu ijayo, anza hivyo, kisha rudia Alhamisi. Siku za katikati ni za kutembea tu, kwa sababu misuli hujijenga wakati huo. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, kwa hiyo hujapungukiwa. Wiki ya pili, kama uliamka na uchovu mdogo tu, nenda 10. Kama ulishuka ngazi kwa kushikilia ukuta, baki kwenye 8.

Picha moja imeandikwa "usisimame mpaka mwili ukatae". Nifuate?

Hiyo ningeifuta. Mwili ukishakataa, mkao umeshaharibika zamani, na hapo ndipo magoti na mgongo huumia. Ningeandika: "Ukishindwa kuongea sentensi nzima, punguza." Chini yake: "Ukihisi kifua kubana, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio, acha, kaa chini, omba msaada." Kifua kisipoachia baada ya dakika chache, hiyo ni dharura, si jambo la kulalia.

Usibane pumzi unaponyanyuka, presha hupanda ghafla. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, mjamzito, au anayetumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya kuanza. Anayechoma insulini hasa, kwa sababu sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baada ya mazoezi.

Halafu hesabu hizo picha zako: ngapi zinasema fanya, na ngapi zinasema pumzika? Kama hakuna hata moja ya kupumzika, chukua kalenda ya dukani, uandike mwenyewe "leo hapana" kwenye Jumanne na Jumatano.