Maumivu ya Tumbo Yaliyopungua Ghafla

“Tumbo lilimchoma ghafla kama kisu, sasa maumivu yamepungua, si vidonda vimetulia?”

Hapana. Kidonda kinapotoboa mfuko wa chakula, asidi humwagika na kuunguza utando wa ndani ya tumbo. Baada ya saa chache majimaji ya mwili huizimua, maumivu yakapungua kwa muda, huku maambukizi yakienea. Tuseme ni fundi wa Nyalenda, Kisumu, aliyezoea kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda vya tumbo: amelala bila kujigeuza, anaogopa hata kukohoa, na tumbo ni gumu kama ubao hata akiambiwa alilegeze. Asipewe chakula, maziwa wala dawa ya asidi. Apelekwe mara moja hospitali inayofanya upasuaji. Taifodi nayo hutoboa utumbo, mara nyingi katika wiki ya tatu, ila mgonjwa aliyedhoofika huenda tumbo lake lisikakamae; kwake, maumivu mapya na tumbo kuvimba vinatosha kumkimbiza huko.