Ngoma haipandishi peke yake: zikri, mzunguko na wale wanaotilia shaka

Usiku mmoja wa maulidi hapa Mwanza nilisimama nyuma ya safu ya wanaume waliobanana bega kwa bega. Walianza zikri kwa utulivu, "La ilaha illallah", huku dufu likifuata. Khalifa, kiongozi wao, akaongeza kasi. Maneno yakafupika, yakabaki "Allah", kisha "Hu", mwisho ikawa ni pumzi tupu ikitoka kifuani kwa nguvu. Kijana mmoja pembeni akaanza kutikisika. Waliokuwa kushoto na kulia wakamshika viwiko bila kukatisha zikri. Khalifa alipoinua kiganja, safu nzima ikanyamaza, na yule kijana akakaa chini akaomba maji.

Kazi yangu ni kuhifadhi ngoma na nyimbo za jadi, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: alipatwa na nini?

Sehemu ya jibu iko kwenye pumzi. Ukipumua haraka na kwa nguvu kwa muda mrefu, unatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa. Midomo na vidole vinafanya ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, pengine mikono inakakamaa. Ukitulia, hali inarudi ndani ya dakika chache. Lakini mtu mwenye hofu kubwa naye hupumua hivyo hivyo, na anachopata ni kizunguzungu tu, wala haoni nuru yoyote. Kwa hiyo pumzi inafungua mlango, ila haisemi nani ataingia.

Na ngoma je? Mwaka 1962 mtafiti Andrew Neher alidai kwamba mapigo ya ngoma yanaugusa ubongo moja kwa moja. Mtaalamu wa muziki Gilbert Rouget akampinga mwaka 1980, na mimi naona Rouget ana haki. Nenda Bujora, hapa karibu na Mwanza, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanapiga ngoma mchana kutwa kushindania watazamaji, vumbi linapanda, watu wanashangilia, halafu wanarudi nyumbani na akili zao. Kwa Waswezi, chama cha wenye pepo, ngoma inafungamana na pepo, na aliyeingizwa chamani amefundishwa kumtambua na kumpokea. Anayesikia mdundo bila mafunzo hayo anasikia mdundo.

Wamevlevi wa Konya nchini Uturuki, masufi wanaozunguka katika ibada, wafuasi wa Jalaluddin Rumi aliyefariki mwaka 1273, wanaonyesha upande mwingine. Mwanafunzi wao alianza kuzunguka juu ya ubao wenye msumari uliokaa kati ya kidole gumba na cha pili cha mguu wa kushoto, ili mguu huo usihame huku wa kulia ukisukuma. Maji yaliyo ndani ya sikio huzunguka naye, na akisimama ghafla yanaendelea kwenda, ndiyo maana mtoto akizunguka uwanjani huanguka. Mmevlevi anafundishwa kusimama wima. Shauku ipo, lakini miguu inabaki mikononi mwake.

Hapo ndipo penye ugomvi wa kale. Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, alikuwa sufi mkubwa, lakini aliweka uzima wa akili juu ya ulevi wa kiroho, kwa kuwa aliyelewa hawezi kujibu kwa anayoyatamka. Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, hakuyakataza mashairi na muziki moja kwa moja. Aliuliza wakati gani, mahali gani na pamoja na nani. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba roho za manabii huwatii manabii. Hawa hawakuchukia furaha. Walijua kuwa mwili unatetemeka vilevile, mtu awe amejiwa na Mungu, na pepo, au na uchovu, kwa hiyo kutetemeka hakuwezi kuwa ushahidi.

Kwetu Kanda ya Ziwa jambo hili si la vitabuni. Tumewazika bibi zetu waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Aliyepandisha akitaja jina la jirani, nani atamhoji? Akizinduka atasema si yeye aliyesema, na jina limeshatajwa.

Yule khalifa nilimwuliza anamfanyaje anayetikisika sana. Akasema humweka katikati ya safu na si pembeni, na maneno anayoyasema akiwa katika hali ile hayachukui kama ujumbe kwa mtu yeyote. Kisha anatazama jambo moja: zikri ikikoma, je, mtu anarudi? Aliyeanguka bila kufuata mdundo, akauma ulimi, akajikojolea, au asiyeitika wenzake wakishatulia, humlaza ubavu, huondoa vitu vigumu karibu naye na hamtii kitu mdomoni. Mtikisiko ukipita dakika 5, au mtu asipozinduka, anapelekwa hospitali usiku huohuo. Inaweza kuwa kifafa, malaria iliyopanda kichwani au sukari iliyoshuka, na hayo hayasubiri maulidi yaishe.