Mzuzu ni ndizi, na ikiiva inalika bila kupikwa

Nashughulika na ndizi baada ya mavuno, na swali la mzuzu huniandama hadi sokoni: hii nayo ni ndizi kweli, au ni kitu kingine?

Ni ndizi. Karibu ndizi zote tunazokula zina asili ya mimea miwili ya porini huko Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana, ambayo kwa ufupi tunaiita A na B. Mzuzu na mkono wa tembo ziko kundi la AAB, yaani sehemu mbili za urithi wake zimetoka kwa A na moja kwa B. Lakini usidhani herufi hizo ndizo zinazokuambia ipi ni ya sufuria. Kisukari nayo ni AAB, na tunaimenya tukaila papo hapo. Matoke ya Bukoba ni AAA, sawa na zile ndizi ndefu za njano za supamaketi, ila hupikwa zikiwa mbichi.

Kinachoitenga mzuzu ni wanga. Ndizi ya kawaida ikiiva, karibu wanga wote hugeuka sukari. Mzuzu hujivuta. Chukua mzuzu ya njano na ndizi ya kawaida yenye madoa ya kahawia, zikate, udondoshee kila kipande tone la ayodini ya duka la dawa. Mzuzu itageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi, kwa sababu wanga bado umejaa. Ile nyingine itabaki zaidi na rangi ya ayodini yenyewe. (Vipande hivyo tupa, usile.)

Ndiyo maana mzuzu ya kijani haipendezi kutafunwa. Si sumu, ila tanini zake huleta ukakasi unaokaza ulimi, utomvu hunata mdomoni, na wanga mbichi haumeng'enywi vizuri. Sehemu kubwa hufika utumbo mpana, bakteria wakauchachusha, tumbo likajaa gesi. Ya njano ina utamu kidogo, lakini bado ngumu. Mimi huikaanga au kuipika kwa nazi na iliki.

Ya kula hivihivi ni ile ambayo ganda limekuwa jeusi karibu lote. Hapo nyama yake ni laini, tamu yenye uchachu kidogo, ingawa ni nzito kuliko kisukari. Usiamini rangi peke yake, maana mzuzu ya kijani ikiwekwa kwenye friji huungua kwa baridi: ganda huwa jeusi, ndani ikabaki ngumu, na mara nyingi haiivi tena vizuri hata ukiitoa. Ibonyeze katikati. Ikiingia kidole kwa ulaini sawasawa na ganda likatoka bila kung'ang'ania, menya ule. Ikiwa ngumu, irudishe jikoni. Yenye ukungu kwenye nyama au harufu ya pombe, itupe.