Siin chini ya mvua: ninavyochanganya kisomo cha Surat al-Mulk kwa spika ya simu

Mwaka jana nilimaliza kuchanganya kisomo cha Surat al-Mulk na sauti ya mvua, kwa ajili ya watu wanaopenda kuisikiliza kabla ya kulala. Kwenye spika za studio kilitulia vizuri sana. Nikampelekea ustadh mmoja mzee wa mtaani kwetu, Mombasa, akakisikiliza kwa simu yake ikiwa imelazwa juu ya mkeka. Alipofika aya ya nne akarudisha nyuma mara tatu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu msomaji kasema *hasiir* au *hathiir*?"

Msomaji alisema *hasiir*, kwa siin safi kabisa. Mvua yangu ndiyo iliyoigeuza ikasikika kama thaa. Katika Qur'ani hilo si dogo hata kidogo, kwa hiyo nikaifungua kazi upya tangu mwanzo.

Waliosoma tajwidi wanazijua herufi kumi za hamsi, zile ambazo pumzi hupita wakati wa kuzitamka: siin, thaa, swaad, shiin, faa, haa na wenzake. Sasa fikiria mvua ni nini kwa upande wa sauti. Ni mvumo wa pumzi usiokatika, wenye masafa ya chini na ya juu kwa pamoja. Yaani mvua na herufi za hamsi zimefumwa kwa uzi mmoja, na ndiyo sababu mvua huzila herufi hizi kabla ya kugusa nyingine. Siin na thaa hutofautiana zaidi kwa nguvu: siin ina mluzi mkali kuanzia kama hezi 4,000 kwenda juu, thaa ni pumzi dhaifu iliyotawanyika. Mvua ikijaa eneo lile lile, mluzi hufunikwa, na kinachobaki cha siin ni kitu kama thaa. Swaad hupona zaidi, kwa sababu uzito wake husikika pia ndani ya irabu inayoifuata.

Aya ya nne ndiyo kipimo changu tangu siku ile, maana inazo zote tatu: thaa ya *thumma*, swaad ya *baswara*, siin ya *khaasi-an* na ya *hasiir*. Na hiyo *hasiir* iko mwisho wa aya, mahali ambapo pumzi ya msomaji inaisha na sauti inashuka.

Spika ya simu huongeza tatizo. Ni ndogo, na chini ya hezi 400 hivi haitoi kitu cha maana. Sauti ya mwanamume anayesoma kwa tartili ina kifua kingi chini ya hapo, kwa hiyo kwenye simu anapoteza sehemu ya mwili wake. Mvua haipotezi karibu chochote, kwani nguvu zake nyingi ziko juu. Uwiano ulioupanga studioni unahama bila wewe kugusa fada. Haya unaweza kuyapima kwa amri hii ya programu ya ffmpeg, yenye kichujio kinachokata masafa ya chini ya hezi 400 kama ifanyavyo spika ya simu, ukiiendesha kwa faili la kisomo, kisha kwa faili la mvua:

```
ffmpeg -i kisomo.wav -af "highpass=f=400,highpass=f=400,ebur128" -f null -
```

Soma namba iliyo mbele ya `I:` mwishoni; ni wastani wa ukubwa wa sauti kwa kipimo cha LUFS, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo sauti ilivyo kubwa. Bila kichujio, kisomo changu kilikuwa LUFS -17 na mvua -31: tofauti ya 14, ambayo nilidhani inatosha. Kwa kichujio, kisomo kilishuka hadi -21 na mvua ikawa -32. Tofauti ikabaki 11. Ustadh alikuwa anasikia mchanganyiko mwingine kabisa, si ule nilioridhika nao mimi.

Jambo la kwanza nililobadilisha ni mvua yenyewe. Ile ya awali niliirekodi chini ya paa la mabati, na mabati hutoa mlio mkali uliojaa masafa ya juu, mahali pale pale pa siin. Nikangoja masika, nikarekodi chini ya banda la makuti. Makuti hunywa ukali. Mvua inasikika pana na nzito, na matone hayachomi. Halafu kwa ikwalaiza nikapunguza desibeli 6 kwa upana kati ya hezi 3,000 na 8,000, kwenye mvua tu. Kilichobaki cha mvua kwenye simu kiko katikati, eneo la irabu, na huko msomaji ana nguvu za kutosha kumshinda mtu yeyote.

Baada ya hapo nikashusha mvua mpaka tofauti ikafika 20 *baada ya kichujio*. Kwenye hedifoni bado unaisikia wazi wakati msomaji anapovuta pumzi. Kwenye simu inakuwa kivuli tu, na kwangu hiyo ni sawa. Asiyesikia mvua kwenye simu hajapoteza kitu. Asiyesikia siin amepoteza aya.

Kisomo nakigusa kidogo mno. Kompresa ya 2:1, isiyobana zaidi ya desibeli 3 hata pale msomaji anapopanda juu. Maneno ya mwisho wa aya nayainua kwa mkono, moja moja, desibeli 2 au pungufu, kwa sababu wastani wa LUFS haukuambii kwamba neno moja limezama. Lile *hasiir* lilihitaji hivyo. Kichujio cha kupunguza ukali wa "s", ambacho mafundi wengi hukiweka bila kufikiri kwenye sauti ya mtu anayezungumza, hapa sikiweki. Siin, swaad na zaai ni herufi za swafiri. Mluzi ni haki yao. Ukiuondoa umebadilisha sifa ya herufi.

Kuna mbinu nyingine niliyoijaribu nikaiacha: kuifanya mvua ishuke yenyewe kila msomaji anaposoma na kupanda anaponyamaza. Kwa tangazo la redio inafaa. Kwa kisomo, kila waqfu inageuka mvua kuruka juu ghafla, na ule utulivu wa kusimama mwisho wa aya unaharibika. Msikilizaji anaanza kuifuatilia mvua. Ni bora ikae mahali pamoja, chini, tangu *tabaraka* mpaka aya ya 30.

Faili la mwisho nalitoa kwenye LUFS -16, kilele kisichozidi dBTP -1.5, kwa kuwa faili likibanwa kuwa MP3 au AAC vilele huweza kupanda kidogo kupita ulivyoviacha. Ukilisukuma zaidi ya hapo, spika ndogo huanza kukwaruza kwenye madda ndefu, na YouTube nayo huteremsha kilichozidi -14 hivi, kwa hiyo hujapata faida. Kabla ya kutoa naigeuza sauti kuwa ya chaneli moja na kusikiliza tena, kwa sababu mvua iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizoachana inaweza kupungua au kubadilika rangi ikiunganishwa, na simu nyingi zina spika moja tu inayofanya kazi ya maana.

Kwa wanaosambaza kwa WhatsApp: usiicheze na kuirekodi kama ujumbe wa sauti. Mvumo wa mvua ni mgumu kubana, na ukibanwa sana unageuka kama maji yanayochemka, tena juu ya herufi zile zile za hamsi. Tuma MP3 ya kilobiti 128 au zaidi, kama hati. Pamoja nayo mimi hutoa faili la pili lisilo na mvua kabisa, maana wapo masheikh na wasikilizaji wasioridhia kisomo kuwekewa sauti nyingine yoyote.

Nilirudi kwa ustadh na toleo jipya, simu ile ile, mkeka ule ule. Safari hii aya ya nne aliiacha ipite, akanyamaza mpaka mwisho wa sura, kisha akaniuliza mvua ile nimeirekodi wapi.